Raba nyeupe za turubai: kuzisafisha bila soli kugeuka njano wala gundi kuachia (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kazi yangu ni kuosha raba za watu, Dar es Salaam. Za ngozi naletewa, za kitambaa cha nyavu naletewa, lakini zinazorudi na malalamiko karibu zote ni za aina moja: turubai nyeupe yenye soli nyeupe ya mpira. Mtu amezifua nyumbani kwa bidii, zimetakata, kaanika. Kesho yake zina mawimbi ya njano kama mtu kamwagia chai ya rangi, au soli imefungua mdomo mbele. Maswali ninayoulizwa kibandani nimeyakusanya hapa, na majibu ni yale yale ninayowapa wateja wangu.

Kwa nini zilitoka kwenye maji zikiwa nyeupe, zikakauka njano?

Kwa sababu unjano hauji wakati wa kufua. Huja wakati wa kukauka. Ukilielewa hili moja, mengine yote yatakuwa rahisi.

Turubai ya raba kwa kawaida si kitambaa kimoja. Ni vitambaa viwili vilivyogandishwa pamoja kwa gundi ya utomvu wa mpira. Unapoloanisha kiatu, maji hupenya mpaka kwenye gundi hiyo na kuyeyusha vitu vilivyomo humo, pamoja na sabuni uliyotia na uchafu wa zamani uliojificha ndani. Kiatu kikianza kukauka, maji hayapotelei ndani. Husafiri kuja nje, kwa sababu nje ndiko kuliko na hewa. Yanabeba mzigo wao wote. Yakifika juu ya kitambaa, maji yanaruka na mzigo unabaki. Ndiyo maana alama ya njano ina ukingo kama ramani, na hukaa zaidi pale palipochelewa kukauka: karibu na utepe wa mpira, kwenye mishono, na pale ulimi unaposhonewa.

Sabuni nayo inachangia. Sabuni nyingi za kufulia, hasa za unga, ni kali upande wa magadi. Baadhi ya vitu vilivyomo kwenye mpira na gundi havina rangi kwenye maji ya kawaida, lakini vikikutana na ukali huo hugeuka njano. Kwa hiyo sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri inaumiza mara mbili: yenyewe inabaki kwenye kitambaa, na inaamsha unjano wa vitu vingine.

Na mpira wa soli je, nao unageuka njano kwa sababu hiyo hiyo?

Hapana, hapo ni jambo jingine. Mpira huzeeka. Hewa na mwanga wa jua huubadilisha kidogo kidogo kuanzia juu, na dawa zinazotiwa kiwandani ili usipasuke mapema nazo nyingine hugeuka rangi zikishafanya kazi yake. Hilo huwezi kulizuia kabisa, ila unaweza kuliharakisha bila kujua: kwa jua kali la mchana, kwa joto, na kwa dawa za klorini. Raba iliyoanikwa juani kila Jumamosi itakuwa na soli ya njano kabla turubai yake haijachakaa.

Nitajuaje gundi ya raba zangu itavumilia nini?

Ziangalie ubavuni. Raba za turubai za mtindo wa Converse na Vans zina utepe mwembamba wa mpira uliozungushwa kiatu kizima, na ukitafuta vizuri utaona mahali ncha zake mbili zinapokutana, mara nyingi upande wa ndani wa mguu au chini ya kile kibandiko cha kisiginoni. Hizi huundwa kwa mpira mbichi na gundi ya mpira, kisha kiatu kizima huingizwa kwenye tanuri la mvuke, joto likipita nyuzi 100, ili mpira na gundi viive pamoja kwa salfa. Ni ule ufundi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza Marekani mwaka 1844. Raba ya namna hii, ikiwa imetengenezwa sawasawa, gundi yake haiogopi maji ya uvuguvugu. Inaogopa petroli, tina na asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Hivyo vinaweza kuharibu mpira na gundi, kwa hiyo usivitumie kutoa doa hata kidogo.

Aina ya pili, soli yake ni kipande kimoja kama bakuli, na kiatu kimezamishwa ndani yake. Kama kuna uzi umeshona soli kuzunguka, gundi ikichoka uzi bado unashikilia.

Aina ya tatu ndiyo inayoniletea kazi kubwa: soli ya bakuli au bapa, haina uzi, imebandikwa tu. Gundi yake kiwandani huamshwa kwa joto la nyuzi 60 hivi, kisha soli inagandamizwa. Sasa fikiria joto hilo likirudi, ama kwa maji ya moto, ama kwa kuianika juu ya bati saa saba mchana. Gundi inalainika tena, na safari hii hakuna mashine ya kuigandamiza. Kama una raba ya aina hii, ifute na kuisugua kwa brashi yenye unyevu tu. Usiizamishe.

Naweza kuziloweka usiku kucha kama nguo nyeupe?

Usifanye hivyo. Chini ya soli ya ndani kuna karatasi ngumu iliyoshindiliwa. Ikikaa kwenye maji saa nyingi inavimba, ikikauka inajikunja, na inapojikunja inavuta turubai kutoka kwenye utepe wa mpira. Watu husema gundi imeachia, kumbe imevutwa. Isitoshe, kadiri unavyoloweka ndivyo unavyoyeyusha vile vitu vya njano nilivyosema. Kamba ziloweke utakavyo. Kiatu chenyewe kisikae na unyevu wa sabuni zaidi ya dakika 20 hivi.

Jiki inang'arisha shuka, kwa nini ising'arishe raba?

Shuka la pamba halina mpira, halina gundi, halina uzi wa nailoni. Raba ina vyote. Jiki ni klorini, na klorini ikigusa mpira, gundi ya utomvu na baadhi ya nyuzi za kutengenezwa, inavigeuza njano. Unjano huo hautoki kwa kufua tena, kwa sababu haujashika juu. Ni kitu chenyewe kimebadilika. Kama maji yako yana chuma, jiki inakigeuza kutu hapo hapo kwenye kitambaa. Na turubai yenyewe inadhoofika, ndiyo sababu utaona raba zilizofuliwa kwa jiki zinachanika pale kidole kidogo kinapokunja.

Kuna dada mmoja aliniletea raba ambazo turubai yote ilikuwa nyeupe, lakini kuzunguka mpira kulikuwa na mstari wa njano wenye upana wa kidole, kama umechorwa kwa rula. Alikuwa ametumbukiza kiatu kwenye beseni la jiki mpaka usawa huo tu, ili soli iwe safi. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Mstari ulififia, haukuondoka.

Jambo la usalama, tafadhali: jiki isichanganywe na siki wala limau. Inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Kama ulishatumia jiki, suuza kwa maji mengi mara kadhaa kabla hujaweka kitu kingine chochote.

Basi nitumie nini, na kwa kiasi gani?

Vitu vitatu vinatosha. Cha kwanza ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali: nusu kijiko cha chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu maana yake maji ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Povu likiwa jingi umezidisha, na kila tone la ziada utalilipia kwenye kusuuza.

Cha pili ni bekingi soda pamoja na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Soma chupa. Kama imeandikwa asilimia 3, itumie ilivyo. Kama ni asilimia 6, ongeza maji kiasi sawa nayo. Changanya kijiko kimoja cha soda na kijiko kimoja cha peroksaidi, upate uji mzito. Tengeneza wakati wa kutumia, usiuweke kwenye chupa iliyofungwa kwa sababu unatoa hewa na chupa inaweza kupasuka. Vaa glavu.

Na uwe makini na majina. Bekingi soda si bekingi pauda, ile ina wanga na asidi ndani yake. Wala si magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi na mara nyingi yana rangi na mchanga.

Cha tatu ni siki nyeupe, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, kwa ajili ya msuuzo wa karibu na mwisho. Hii ndiyo inayoua ukali wa sabuni iliyobaki. Harufu yake huondoka kiatu kikikauka.

Vifaa: brashi laini ya nguo kwa turubai, mswaki wa zamani kwa mishono, kitambaa cheupe, na karatasi ya tishu ya chooni, nyeupe kabisa, isiyo na maua wala manukato.

Nionyeshe kazi nzima kwa jozi moja.

Nitakueleza jozi ya kaka mmoja aliyeniletea Jumatano jioni. Alikuwa msimamizi wa bwana harusi, harusi ni Jumamosi, na vijana wote walikuwa wamekubaliana kuvaa suti ya bluu na raba nyeupe. Zake alikuwa amezivaa safari ya Lushoto, zikarudi na udongo mwekundu hadi kwenye matundu ya kamba. Raba zenyewe ni za utepe uliozungushwa, nzima, ila mbele ya mguu wa kulia, pale kiatu kinapojikunja, utepe ulikuwa umeachana na turubai kama urefu wa kucha.

Jambo la kwanza sikugusa maji. Nilitoa kamba na soli za ndani, nikagonga viatu soli kwa soli, nikapiga brashi kavu mpaka vumbi likaisha kutoka. Udongo mwekundu ukiulowesha bado umekaa juu, unautengenezea rangi ya kutia kitambaa. Dakika kumi za brashi kavu ziliondoa zaidi ya nusu ya uchafu wote.

Kisha nikaanza na mpira. Watu wengi huanza na turubai, halafu wanaposugua soli uchafu wake mweusi unarukia kitambaa kilichokwisha takata. Nilisugua utepe na ncha ya mbele kwa mswaki na maji ya sabuni, nikafuta kwa kitambaa, nikarudia.

Turubai nikaisugua sehemu kwa sehemu, kwa brashi iliyochovywa na kukung'utwa. Kiatu hakikuingia kwenye beseni. Nilianza ubavu wa nje, nikafuta povu kwa kitambaa chenye maji safi, nikaenda kisiginoni, nikafuta, hivyo hivyo mpaka nikazunguka. Ule uji wa soda na peroksaidi nikaupaka turubai yote, si pale penye doa tu. Ukipaka doa peke yake utapata kiraka cheupe katikati ya weupe uliofifia, na kitaonekana kuliko doa lenyewe. Ulikaa dakika 20 kivulini. Ulipoanza kukauka pembeni niliunyunyizia maji, kwa sababu soda ikikauka inaganda kwenye nyuzi na kuitoa ni taabu.

Kusuuza ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote. Nilikiinamisha kiatu, kisigino juu, nikapitisha maji safi juu ya turubai huku nikikamua kwa vidole, mpaka maji yanayotiririka yakawa hayatelezi kabisa. Sabuni ikibaki, vidole vinahisi utelezi hata kama macho hayaoni povu. Halafu maji ya siki, nikaacha dakika mbili, halafu maji safi tena mara mbili.

Nikakandamiza kiatu kwa taulo ndani na nje. Usikikamue kwa kukisokota, hapo unavunja ile karatasi ngumu ya ndani. Nikajaza tishu ndani mpaka kikarudia umbo lake. Kisha nikazungushia tishu nyeupe nje, tabaka tatu, nikizikandamiza zishikane na turubai yenye unyevu bila kuacha mfuko wa hewa, hasa kwenye kona ya turubai na mpira.

Hiyo tishu ya nje inafanya nini hasa?

Kumbuka maji yanasafiri kuja nje na mzigo wake, na mzigo unabaki pale maji yanaporukia. Ukifunika turubai kwa tishu iliyoshikana nayo, maji yanaendelea mpaka kwenye tishu na kurukia hapo. Mzigo unabaki kwenye tishu.

Asubuhi ya Alhamisi nilipozibandua za yule kaka, tishu ya kuzunguka ncha ya mbele ilikuwa na mstari wa rangi ya majani ya chai, na turubai chini yake ilikuwa nyeupe. Mstari huo ungekuwa kwenye kiatu. Nikabadilisha tishu za ndani, nikazungushia nyingine nje kwa kuwa bado kulikuwa na unyevu kidogo. Kufika jioni ya pili ikatoka safi.

Gazeti usilitumie, wino wake unahamia. Na kama tishu imekauka lakini turubai chini yake bado mbichi, ujue haikushikana vizuri. Iloweshe kidogo na uikandamize upya.

Nianike wapi, na kwa muda gani?

Kivulini penye upepo. Feni inafaa sana. Kiangazi saa 24 zinatosha kwa raba nyingi, lakini Machi hadi Mei, masika ikiwa imeshika, mpe kiatu siku mbili, na feni iwepo, la sivyo kitanuka. Viegemeze kwa kuvisimamisha kisigino chini, ili maji yasikusanyike mbele ambako unjano unaonekana zaidi.

Epuka bati, epuka kando ya jiko la mkaa, epuka mashine ya kukaushia nywele kwenye moto. Joto linaukausha upande wa nje haraka na kuvuta mzigo wote juu kwa mkupuo, huku gundi ikilainika upande wa pili.

Maji yetu ni ya kisima. Yana tatizo?

Yanaweza kuwa nalo. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na povu halikai. Mtu akiona povu halitoki anaongeza sabuni, halafu sabuni hiyo haisuuziki. Kama kisima kina chuma, utaona ndoo zako zimeshika rangi ya kutu kwa ndani. Fanyia kazi yote kwa maji ya kisima ukitaka, lakini misuuzo miwili ya mwisho tumia maji ya mvua au ya bomba. Lita tano zinatosha jozi moja.

Udongo mwekundu umebaki kwenye nyuzi hata baada ya kusafisha. Nifanyeje?

Wekundu wa udongo ule ni kutu ya chuma, na kutu haisikii sabuni wala jiki. Inasikia asidi. Kamulia limau juu ya doa, nyunyiza chumvi kidogo, acha nusu saa kivulini, sugua kwa mswaki, suuza kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Doa la kutu kutoka kwenye vipete vya chuma vya matundu ya kamba linatibika hivyo hivyo. Likigoma baada ya mara tatu, acha. Kuendelea kusugua kunafanya turubai iote manyoya, na manyoya yanashika uchafu upesi kuliko kitambaa laini.

Vipi bluu ya nguo? Na chaki?

Bluu haiondoi unjano, inaufunika: jicho likiona ubluu kidogo juu ya unjano linasema nyeupe. Kwenye shuka ni sawa kwa sababu linazama lote kwa pamoja. Kwenye raba bluu inanasa kwenye mishono na kuacha michirizi, na ile ya unga ina chembe zinazokwama kabisa. Mimi siitumii.

Chaki, ile tuliyokuwa tukisugua kwenye raba za michezo shuleni, haina madhara kwa kiatu kikavu kwa shughuli ya saa chache. Ikilowa inakuwa tope. Ipige brashi yote kabla ya kuosha.

Dawa ya meno inafaa?

Kwenye mpira, ndiyo. Ina chembe laini zinazosugua bila kukwaruza sana. Chagua nyeupe tupu, si ya jeli ya rangi. Kwenye turubai, hapana, kwa sababu kuisuuza mpaka iishe ni kazi kuliko doa lenyewe. Kwa alama nyeusi za mkwaruzo kwenye utepe mimi naanza na ufutio mweupe wa shule, mkavu. Mara nyingi hauhitaji kingine.

Naweza kuziweka kwenye mashine ya kufulia?

Turubai itatoka safi, hilo ni kweli. Lakini mashine inakizamisha kiatu muda mrefu, inakigonga, na inakizungusha kwa nguvu pale gundi ikiwa imelowa. Kama huna budi, ziwe za utepe uliozungushwa na zisizo na ufa wowote, maji baridi, ndani ya foronya iliyofungwa pamoja na taulo mbili, mzunguko wa taratibu, bila kukamua kwa kasi. Baada ya hapo siki na tishu kama kawaida. Za kubandikwa tu zisiingie humo.

Zangu zilishageuka njano. Zinaokoleka?

Inategemea unjano ni wa wapi. Kwenye turubai, kama ulikuja baada ya kufua na una ukingo wa ramani, basi umekaa juu na utatoka. Loanisha turubai yote kwa maji ya siki, acha dakika kumi, suuza vizuri, zungushia tishu, kausha kivulini. Jozi nyingi zinarudi kwa mara moja, nyingine zinataka mara mbili. Kama ulitumia jiki na unjano haukusogea baada ya mara mbili, kitambaa chenyewe ndicho kimebadilika.

Kwenye mpira, fanya jaribio dogo. Sugua sehemu ndogo ya kisigino kwa ufutio mweupe kwa dakika moja. Pakitoka peupe, kilichopo ni tabaka la uchafu na mpira uliozeeka juu, endelea kwa ufutio au dawa ya meno mpaka umalize. Pasipobadilika, unjano umeingia ndani. Hapo unaweza kupaka ule uji wa soda na peroksaidi kwenye mpira peke yake, ufunike kwa nailoni ya jikoni usikauke, uache saa mbili au tatu mahali penye mwanga lakini pasipo joto, kisha uoshe. Utapata nafuu inayoonekana. Mpira wa miaka mitano hautakuwa wa dukani, na anayekuahidi hivyo kwa kutumia jua la mchana na dawa kali ya nywele anacheza na gundi yako.

Soli imeanza kuachia mbele. Nioshe kwanza au nigundishe kwanza?

Osha kwanza, kausha, ndipo ugundishe. Gundi haishiki juu ya vumbi wala unyevu. Kujua kama ndani ni kukavu, kandamiza utepe kwa kidole gumba na weka tishu pembeni. Ikiloa hata kidogo, subiri siku nyingine.

Za yule kaka nilizigundisha Ijumaa asubuhi. Nilisafisha ule ufa kwa mswaki mkavu, nikakwaruza pande zote mbili kwa msasa laini uliokunjwa. Nikabandika utepe wa karatasi juu na chini ya ufa ili gundi isimwagike kwenye weupe, kwa sababu gundi ya fundi viatu yenyewe hugeuka njano baada ya muda. Nikapaka tabaka jembamba pande zote mbili kwa njiti, nikaacha dakika kama 15 mpaka ikawa haishiki kidole, kisha nikagandamiza kwa nguvu na kufunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia, "Kaka, usizivae leo hata kwa kujaribu." Alizichukua Jumamosi asubuhi.

Ile gundi ya kukauka papo hapo iache. Inakuwa ngumu kama kioo, na pale ndipo kiatu kinapokunja kwa kila hatua. Inapasuka ndani ya siku chache na kuacha ukoko ambao gundi nyingine haishiki juu yake.

Nikishazisafisha nizihifadhi vipi zisigeuke njano kabatini?

Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni. Baadhi ya plastiki na maboksi hutoa kemikali zinazohamia kwenye kitambaa cheupe na kukigeuza njano polepole, hata kama hakijaguswa na mtu. Na unyevu wa pwani ukifungiwa humo unaleta ukungu. Zisubiri zikauke kabisa, weka tishu nyeupe ndani zishike umbo, zifunge kwa kitambaa cha pamba kilichosuuzwa vizuri, kipande cha shuka la zamani kinafaa sana, na ziweke mahali pasipofikiwa na jua la dirishani.